Insha Yangu ya Kwanza

Nilirudi chuo nikiwa na miaka 41, watoto watatu na kibanda cha mitumba Gikomba. Swali la insha ya kwanza: elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza Kenya mwaka 2003, ilibadilisha nini? Nikajiambia hili naliweza. Mwaka huo ndio kitinda mimba wetu alirudi darasani, sare imembana mabega.

Kumbe kujua si kuandika. Mchana nauza, jioni napanda matatu hadi Kayole, napika, nasimamia hesabu za darasa la tano (ngumu kuliko zangu). Saa nne usiku ndipo meza inakuwa yangu, nayo ina makombo ya ugali.

Nikapata 38 kwa 100. Mhadhiri aliandika pembeni kwa wino mwekundu: “Hii ni hadithi. Hoja iko wapi?”

Kifungua mimba wangu akaisoma, akanyamaza, kisha akagusa mstari wa mwisho kabisa. “Mama, hapa: shule zilijaa, walimu wakabaki walewale. Ungeanzia hapa.”

Nikachukua karatasi mpya. Mzigo wa alfajiri ulinisubiri.