Sura ya Pili: Mapitio ya Kazi Tangulizi kuhusu Ufanisi wa Mafunzo ya Kujihadhari na Barua Pepe za Hadaa

2.1 Utangulizi

Tasnifu hii inauliza kama mfanyakazi wa chuo kikuu aliyefundishwa kuzitambua barua pepe za hadaa hujilinda vizuri kuliko mwenzake ambaye hakufundishwa, na kama ndivyo, kinga hiyo hudumu kwa muda gani. Hadaa hapa ni ujumbe unaojifanya umetoka kwa mtu au taasisi inayoaminika ili mpokeaji atoe nywila, atume fedha, au afungue faili lenye programu hasidi.

Sura haikupangwa kwa kufuata miaka, wala kwa kumtaja mwandishi mmoja baada ya mwingine. Imepangwa kwa kufuata kile ambacho kila utafiti ulipima. Nimechagua njia hii kwa sababu matokeo katika uwanja huu yanaonekana kupingana vikali: wapo wanaosema mafunzo yanasaidia sana, na wapo wanaosema hayasaidii karibu chochote. Ukizisoma tafiti hizo ukiwa na swali la kipimo mkononi, sehemu kubwa ya mgongano huo inafafanulika, na kinachobaki ndicho pengo ambalo tasnifu hii inalenga kuliziba.

2.2 Namna vyanzo vilivyopatikana

Utafutaji ulifanyika katika hifadhidata za Scopus, Web of Science, IEEE Xplore na ACM Digital Library. Google Scholar ilitumika mwishoni, kukamata kilichoponyoka. Maneno ya utafutaji yalikuwa haya, na yalirekebishwa kidogo tu kulingana na sarufi ya kila hifadhidata:

```
(phishing OR "spear phishing")
AND (training OR awareness OR education)
AND (effect* OR retention OR susceptib*)
AND (employee* OR staff OR user*)
```

Maneno haya peke yake hayakutosha. Baadhi ya kazi muhimu zimeandikwa na wanasaikolojia wanaozungumzia uamuzi na utambuzi bila kutaja mafunzo kabisa katika kichwa cha makala. Kwa hiyo nilifuata utaratibu ulioelezwa na Wohlin (2014): kwa kila makala iliyopita mchujo, nilipitia orodha yake ya marejeleo kurudi nyuma, kisha nikatafuta kazi zilizoinukuu kwenda mbele. Niliacha pale ambapo makala mapya yalianza kunirudisha kwenye kazi zilezile.

Kipindi kilichochunguzwa kinaanzia 2006, mwaka ambao Dhamija, Tygar na Hearst walichapisha jaribio lao lililoonyesha kwa nini watu hunaswa. Kazi zinazohusu vichujio vya kompyuta pekee ziliachwa. Majarida hayakupewa uzito kuliko makongamano, maana katika fani hii tafiti nyingi nzito hutoka kwanza katika makongamano ya SOUPS, CHI na IEEE Symposium on Security and Privacy. Ripoti za kampuni zinazouza mafunzo hazikuhesabiwa kuwa ushahidi wa ufanisi. Huo ni uamuzi wangu nami nausimamia: anayeuza dawa hawezi kuwa shahidi pekee kwamba mgonjwa amepona, hasa pale ambapo hakuna kundi linganishi na jumbe za jaribio hubadilika ugumu kila mwezi.

Kila makala iliyobaki iliingizwa katika jedwali lenye safu za idadi na aina ya washiriki, kuwepo kwa kundi linganishi, aina ya mafunzo, kilichopimwa, na muda uliopita kati ya mafunzo na kipimo cha mwisho. Safu mbili za mwisho ndizo zilizozaa hoja ya sura hii.

2.3 Misingi ya kinadharia

Tafiti nyingi huegemea nadharia ya motisha ya kujilinda ya Rogers (1975), inayosema mtu huchukua hatua anapoiona hatari kuwa kubwa na yenye uwezekano wa kumpata, na anapoamini kwamba hatua hiyo itamkinga. Nadharia hii hueleza vizuri nia. Lakini mtu anayebofya kiungo katikati ya shughuli za asubuhi mara nyingi hana nia yoyote anayoipima. Anafanya alichozoea. Kwa sababu hiyo tasnifu inategemea zaidi mtazamo wa Chaiken (1980), unaotofautisha uchakataji wa haraka unaofuata dalili za juujuu na uchakataji wa makini unaohitaji juhudi. Ukiuangalia kwa jicho hilo, swali halibaki kuwa kama mfanyakazi anajua dalili za hadaa. Swali ni kama ujuzi huo huamka wakati unapohitajika.

2.4 Ushahidi wa majaribio

2.4.1 Hali kabla ya mafunzo

Katika jaribio la Dhamija na wenzake, washiriki 22 walionyeshwa tovuti na kuulizwa ipi ni halali. Tovuti bandia iliyotengenezwa kwa ustadi zaidi iliwadanganya asilimia 90, na asilimia 23 ya washiriki hawakuangalia kabisa upau wa anwani wala alama za usalama za kivinjari. Mwaka uliofuata, Jagatic na wenzake (2007) walichapisha jaribio la Chuo Kikuu cha Indiana: ujumbe ulioonekana kutoka kwa rafiki wa mpokeaji uliwanasa asilimia 72, wakati ule wa mtu asiyejulikana wa chuo hichohicho uliwanasa asilimia 16. Tofauti hii ni ya kukumbukwa, kwa sababu inaonyesha jinsi maudhui ya ujumbe yanavyoweza kubadilisha matokeo hata kabla ya mafunzo yoyote kuingia.

2.4.2 Tafiti zinazoonyesha kwamba mafunzo yanasaidia

Kumaraguru na wenzake (2009) waliwafuatilia washiriki 515 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Aliyebofya hadaa ya majaribio alipewa somo papo hapo. Waliofundishwa walibofya kidogo kuliko wasiofundishwa hata baada ya siku 28, na waliopata somo mara mbili walifanya vizuri zaidi ya waliolipata mara moja. Sheng na wenzake (2010), katika jaribio la mtandaoni lenye washiriki 1,001, waliona mwelekeo wa watu kuingiza taarifa zao katika kurasa bandia ukipungua kwa asilimia 40. Hata hivyo, baadhi ya nyenzo zilipunguza kidogo pia utayari wa kubofya viungo halali. Mfanyakazi anayeshuku kila kitu hajajifunza kutambua, amejifunza kuogopa.

Kuhusu muda, utafiti ulio karibu zaidi na swali la tasnifu hii ni wa Reinheimer na wenzake (2020), uliofanywa kwa wafanyakazi 409 wa taasisi ya umma nchini Ujerumani. Uwezo wao wa kutofautisha barua pepe halali na za hadaa ulikuwa bado juu baada ya miezi minne, lakini baada ya miezi sita nafuu hiyo haikuonekana tena. Vikumbusho vya video na vya mazoezi shirikishi ndivyo vilivyofanya kazi vizuri zaidi.

2.4.3 Tafiti zinazotilia shaka

Caputo na wenzake (2014) walijaribu mafunzo ya papo hapo ndani ya shirika moja na hawakupata tofauti ya maana kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa. Lain, Kostiainen na Čapkun (2022) walifuatilia wafanyakazi zaidi ya 14,000 wa kampuni moja kwa miezi 15. Waligundua kwamba somo la hiari linalotolewa baada ya kubofya halikuwaimarisha wafanyakazi, bali liliwafanya wawe rahisi zaidi kunaswa. Maelezo mojawapo waliyoyapendekeza ni kwamba ukurasa wa somo ulimpa mfanyakazi hisia kuwa kuna mtu anamlinda.

Utafiti wa Ho na wenzake (2025) unahitaji kuangaliwa kwa karibu. Ulihusisha wafanyakazi zaidi ya 19,500 wa mfumo wa afya wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, kwa kampeni 10 katika miezi minane. Waliopata mafunzo ya papo hapo walishindwa kwa asilimia 1.7 tu pungufu ya wasiopata. Tuiweke tarakimu hiyo kando ya nyingine kutoka utafiti uleule: ujumbe wa kubadilisha nywila ya Outlook ulibofywa na asilimia 1.82 ya waliotumiwa, na ule uliodai kuna mabadiliko ya sera ya likizo ukabofywa na asilimia 30.8. Tofauti iliyoletwa na chambo inaizidi kwa mbali ile iliyoletwa na mafunzo. Zaidi ya hapo, wengi walikaa kwenye ukurasa wa somo kwa dakika moja au chini ya hapo. Ni vigumu kusema mafunzo yameshindwa kwa mtu ambaye kwa hakika hakuyapata.

2.5 Tatizo la kipimo

Reinheimer na wenzake walipima uwezo: mshiriki alionyeshwa barua pepe na kuombwa aamue. Caputo, Lain na Ho walipima tabia: mfanyakazi alikuwa kazini na hakujua kama anapimwa. Parsons na wenzake (2013) walionyesha kuwa washiriki walioambiwa utafiti unahusu hadaa huzitambua vizuri zaidi kuliko wasioambiwa. Kwa hiyo makundi haya mawili ya tafiti hayapingani kama yanavyoonekana. Mtu anaweza kujua na bado asitumie anachojua.

Kasoro ya pili ni kutegemea kiwango cha kubofya. Canfield, Fischhoff na Davis (2016) walitumia nadharia ya utambuzi wa ishara kutenganisha uwezo wa kutofautisha na mwelekeo wa kushuku, vitu viwili ambavyo kiwango cha kubofya huvichanganya. Steves, Greene na Theofanos (2020) wa NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, nao walipendekeza kipimo cha ugumu wa ujumbe, kinachohesabu dalili zinazoonekana na jinsi ujumbe unavyolingana na kazi ya mpokeaji. Bila kudhibiti ugumu huo, kushuka kwa kubofya kutoka mwezi mmoja hadi mwingine kunaweza kumaanisha tu kwamba ujumbe wa pili ulikuwa rahisi kugundua.

Kasoro ya tatu ni kusahau kuripoti. Lain na wenzake walionyesha kuwa kitufe cha kuripoti kiliwezesha wafanyakazi kwa pamoja kugundua kampeni mpya haraka, na hawakuchoka kadiri muda ulivyokwenda. Ninaona hili kuwa tokeo lao lenye thamani kubwa zaidi kiutendaji, ingawa linalonukuliwa sana ni lile la mafunzo kudhuru.

2.6 Pengo la utafiti

Pengo la kwanza ni la muda. Ushahidi wa miezi minne hadi sita unatoka kwenye vipimo vya uwezo, na katika vyanzo vilivyopitiwa hapa sikupata utafiti uliowapima watu walewale kwa uwezo na kwa tabia katika vipindi vilevile. Pengo la pili ni la matokeo yanayopimwa: kuripoti hushughulikiwa kama nyongeza badala ya kuwa tokeo kuu la mafunzo. La tatu ni la mazingira. Ho na wenzake walichunguza wahudumu wa afya, Lain na wenzake kampuni, na Kumaraguru na wenzake walichanganya wanafunzi na wafanyakazi wa chuo. Wafanyakazi wa utawala wa vyuo vikuu, ambao kila siku hupokea barua kutoka kwa watu wasiowafahamu na hawawezi kuzipuuza, hawajapewa nafasi yao.

Utafiti huu kwa hiyo utawagawa wafanyakazi wa utawala wa chuo kikuu kimoja kwa nasibu katika makundi matatu: wasiopata mafunzo, wanaopata somo shirikishi mara moja, na wanaopata somo hilo pamoja na kikumbusho katika mwezi wa tano. Kila kundi litapimwa katika mwezi wa kwanza, wa nne na wa nane, kwa zoezi la kutofautisha barua pepe na kwa hadaa ya majaribio ambayo ugumu wake umekadiriwa mapema kwa kipimo cha NIST. Hadaa ya majaribio itatangulia zoezi katika kila awamu, ili zoezi lisiwatahadharishe washiriki. Kubofya, kuingiza nywila, kuripoti, na muda uliopita kabla ya ripoti ya kwanza vitarekodiwa kila kimoja peke yake. Sura ya Tatu inaeleza taratibu hizo, pamoja na idhini ya kimaadili inayohitajika pale mshiriki asipoambiwa mapema siku atakayojaribiwa.