Hotuba ya Mdahalo: Bustani za Wanyama Zinasaidia Kuliko Kudhuru Viumbe Walio Hatarini Kutoweka

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa majaji, mtunza muda wetu, walimu, wapinzani wetu na wanafunzi wenzangu wa shule zote zilizofika hapa Ifakara leo, itifaki imezingatiwa.

Nasimama nikiwa msemaji wa pili wa upande unaounga mkono hoja isemayo kwamba bustani za wanyama zinasaidia kuliko kudhuru viumbe walio hatarini kutoweka. Msemaji wetu wa kwanza amekwisha kueleza maana ya maneno yaliyo katika hoja hii, nami sitayarudia, ila nitasisitiza jambo moja. Tunazungumzia viumbe walio hatarini kutoweka. Hatuzungumzii kila mnyama aliyefungiwa ndani ya uzio, wala hatuji hapa kumtetea mtu anayeweka nyani kwenye kibanda kando ya barabara ili wapita njia watoe fedha za kumtazama. Swali letu ni je, pale aina nzima ya kiumbe inapokaribia kufutika duniani, bustani za wanyama huwa upande wa uhai au upande wa kifo?

Mheshimiwa Mwenyekiti, jibu la swali hilo halihitaji safari ndefu, kwa kuwa liko katika mto ambao maji yake yanaishia katika bonde hili hili la Kilombero. Mto Kihansi unashuka kutoka Milima ya Udzungwa kwa maporomoko makubwa, na kwa miaka isiyohesabika maporomoko hayo yalikuwa yakirusha manyunyu usiku na mchana juu ya majani yaliyo ndani ya korongo. Katika manyunyu hayo, mwaka 1996, watafiti waliokuwa wakichunguza mazingira kwa ajili ya mradi wa umeme walimkuta chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyezidi urefu wa sentimita tatu, ambaye hatagi mayai kama vyura wengi tuwajuao, bali huzaa watoto walio hai. Makazi yake yote duniani yalikuwa karibu hekta mbili, eneo lisilozidi viwanja vitatu vya mpira. Hakuwepo mahali pengine popote.

Bwawa lilijengwa, na mwaka 2000 mitambo yenye uwezo wa megawati 180 ikawa inafanya kazi. Sitasimama hapa kulaumu umeme, kwa sababu taifa lilikuwa na kiu kubwa ya nishati. Hata hivyo, takriban asilimia 90 ya maji ya mto yalielekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika, na majani ya korongo yakaanza kukauka. Hapo ndipo, mwishoni mwa mwaka 2000, kwa ridhaa ya serikali yetu, vyura 499 walipokusanywa na kusafirishwa hadi Marekani, katika Bustani ya Wanyama ya Bronks jijini Nyu Yoki, na baadaye wengine wakatunzwa katika bustani ya mji wa Toledo.

Naomba majaji wanisikilize kwa makini katika sehemu hii, kwa kuwa ndipo ulipo mzizi wa hoja yangu. Msemaji wa kwanza wa upande wa upinzani, dada yangu, amesema kwa ufasaha kwamba fedha zinazotumika kufuga wanyama ugenini zingetumika kulinda makazi yao ya asili, na kwamba makazi yakilindwa mnyama hujilinda mwenyewe. Ni kauli ninayoiheshimu. Lakini huko Kihansi jambo hilo hilo lilifanyika. Mabomba yalitandazwa korongoni, yakafungwa vinyunyizio vya kutengeneza manyunyu mapya badala ya yale yaliyopotea, na vyura wakaanza kurejea. Kufikia katikati ya mwaka 2003 walikadiriwa kufika karibu 20,000. Mtu yeyote aliyewahesabu wakati ule angekuwa na haki ya kusema kwamba makazi yamelindwa, kazi imekwisha, na wale wa Marekani hawahitajiki tena.

Miezi michache baadaye vyura walikufa kwa maelfu. Ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura, uliokwisha kuangamiza vyura katika nchi nyingi, uligundulika korongoni. Mwezi wa Januari 2004 waliopatikana walikuwa watatu tu. Baada ya mwaka 2005 hakuonekana hata mmoja, na mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, likamtangaza chura wa Kihansi kuwa ametoweka katika makazi yake ya asili.

Neno la kuzingatia katika tangazo hilo ni kwamba ametoweka katika makazi ya asili, si kwamba ametoweka duniani. Tofauti kati ya kauli hizo mbili ililetwa na vyumba vichache vyenye matanki ya vioo katika bustani mbili za wanyama, na haikuletwa na kitu kingine chochote.

Sitawaficha kwamba huko nako kazi ilikuwa ngumu. Miaka ya kwanza watunzaji walikuwa wanamlea kiumbe ambaye sayansi ilimfahamu kwa miaka michache tu. Wengi walikufa, na kwa wakati fulani waliobaki hai duniani hawakufika mia moja. Lakini watunzaji wale walijifunza unyevu anaoutaka, mwanga anaouhitaji na wadudu anaowala, na idadi ikapanda hadi maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nyumbani, wakapokelewa katika kituo maalumu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 vyura wapatao 2,000 wakaachiwa tena katika korongo la Kihansi. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa kiumbe wa jamii ya vyura aliyetoweka katika makazi yake kurudishwa humo. Najivunia kama Mtanzania kwamba historia hiyo iliandikwa katika milima yetu, na nasikitika kwamba wanafunzi wengi wa mkoa huu wa Morogoro wanamaliza kidato cha nne bila kuisikia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wapinzani watasema kwamba huyo ni chura mmoja, na mfano mmoja haujengi hoja. Basi tuvuke bahari hadi Omani, nchi yenye undugu wa damu na pwani yetu. Choroa wa Arabia aliwindwa kwa bunduki na magari hadi wa mwisho wa porini alipouawa mwaka 1972. Lakini miaka kumi kabla, wahifadhi walikuwa wameona mwelekeo wa mambo, wakaanza kukusanya choroa wachache, na kundi la kuzalisha likaanzishwa katika Bustani ya Wanyama ya Finiksi, huko Arizona, mwaka 1963. Uzao wa kundi hilo ndio ulioachiwa huru katika jangwa la Jiddat al-Harasis mwaka 1982. Ni kweli kwamba majangili walirudi katika miaka ya 1990, na kwamba mwaka 2007 hifadhi hiyo ya Omani iliondolewa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, choroa walikuwa wamekwisha kurudishwa katika nchi nyingine za Arabia pia, na mwaka 2011 IUCN ilimpandisha daraja hadi kundi la walio hatarini kwa kiwango cha chini zaidi. Mnyama aliyekuwa hayupo tena porini sasa yuko porini kwa mamia. Kosa la Omani lilikuwa la ulinzi wa porini, wala halikuwa la bustani iliyomzalisha.

Sasa nije kwenye hoja nzito zaidi ya wapinzani wetu, ile ya tembo. Walisema kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa tembo jike wa Afrika waliozaliwa katika bustani za Ulaya huishi kwa wastani wa kati wa miaka 17 hivi, ilhali wenzao wa Amboseli, hapo jirani zetu Kenya, wasipouawa na binadamu hufikia miaka 56. Takwimu hizo ni za kweli na zinaumiza moyo. Mnyama anayetembea kilomita nyingi kwa siku, anayeishi na mama, dada na shangazi zake maisha yake yote, hapaswi kuwekwa katika uwanja mdogo wa sakafu ngumu, na bustani isiyoweza kumpa nafasi na familia iache kabisa kumfuga. Nasema hivyo bila kigugumizi. Lakini ushahidi huo unatuambia ni mnyama gani asifugwe na afugwe vipi. Hautuambii kwamba chura wa Kihansi angeachwa afe.

Kuhusu faru weupe wa kaskazini, ambao najua msemaji wa mwisho wa upinzani atawataja, naomba niseme mapema. Ni kweli walizaa kwa shida sana katika bustani ya Dvur Kralove huko Cheki. Ni kweli pia kwamba wanne kati yao waliopelekwa hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya Desemba 2009 hawakuzaa, na kwamba Sudan, dume wa mwisho, alikufa Machi 2018. Wapinzani wakishalisema hilo, watueleze pia wenzao waliobaki porini wako wapi. Walikuwa katika Hifadhi ya Garamba, nchini Kongo, na wote waliangamizwa na majangili. Najin na Fatu, majike wawili wanaoishi mpaka leo, wote walizaliwa katika bustani ya wanyama, na mayai ya Fatu ndiyo ambayo wanasayansi wanayarutubisha kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokwisha kufa. Tumaini hilo ni dogo, lakini porini halikubaki hata dogo.

Waheshimiwa majaji, hamkunisikia nikisema kwamba bustani za wanyama zinaelimisha watoto. Nimeiacha hoja hiyo kwa makusudi, kwa kuwa kiumbe anayekaribia kutoweka hapaswi kufungiwa ili sisi tujifunze kumtazama. Nimesimamia kipimo kimoja tu: je, yupo leo, na je, amepata njia ya kurudi nyumbani? Kwa kipimo hicho chura wa Kihansi na choroa wa Arabia wametoa ushahidi wao. Faru weusi watano waliotoka bustani za Ulaya wakapelekwa Hifadhi ya Akagera nchini Rwanda mwaka 2019 wametoa wao pia.

Namwachia msemaji wa mwisho wa upinzani swali moja, na ninaomba alijibu kabla kengele yake haijalia. Ni Januari 2004, uko korongoni Kihansi, vinyunyizio vinafanya kazi, makazi yamelindwa kama ulivyotaka, na mbele yako wamebaki vyura watatu. Hakuna wengine Bronks wala Toledo, kwa sababu hoja yako ilishinda mwaka 2000. Utafanya nini?

Mheshimiwa Mwenyekiti, naunga mkono hoja na naomba kuwasilisha. Ahsanteni sana.