Poleni kwa kumpoteza Popi

Njiro, Arusha

Kwa Baba Neema, Mama Neema, Neema, Daudi na Bibi,

Poleni sana. Tangu Jumamosi hapa kliniki tumekuwa tukimtaja mbwa wenu Popi kila mara, hata kwenye chai ya saa nne.

Tulimfahamu tangu mlipomleta ndani ya kikapu cha sokoni, tumbo limejaa minyoo. Kila mwaka alipokuja kuchanjwa kichaa cha mbwa aling'ang'ania getini, lakini dada wa mapokezi akitoa dagaa, ugomvi unakwisha. Miaka 14 ni uzee hasa kwa mbwa wa umbo lake. Hafiki huko asiyetunzwa.

Baba Neema, wakati wa kutoka uliuliza kama mmefanya haraka kukubali apumzishwe kwa sindano. Hapana. Figo zilikuwa zimechoka, na vipimo vya damu vya mwisho vilikuwa vibaya kuliko vya kwanza, ingawa alitundikiwa dripu. Chakula alikataa, maji aliyatapika, miguu ya nyuma haikumbeba tena. Dawa ya kuzirudisha figo zilizokufa hatuna. Kungekuwa na njia nyingine ya maana tungewaambia, na mlivyokuwa mkimpenda, tunajua mngeifuata.

Daudi, nawe uliuliza kwa nini macho yalibaki wazi, na kwa nini alivuta pumzi wakati daktari alishasema amekufa. Swali zuri, na wakubwa wengi huogopa kuliuliza. Sindano ya kwanza ilimlaza usingizi. Ya pili, ile ya mshipani, ni dawa ya nusukaputi kwa kipimo kikubwa mno: huzima ubongo, kisha pumzi na moyo husimama. Pumzi uliyoiona ni misuli iliyojikaza yenyewe, Popi hakuwa na habari nayo. Macho nayo hayajifumbi misuli ikishalegea. Hakusikia maumivu. Alisinzia kichwa kikiwa juu ya khanga ya Bibi, na Bibi anamkuna nyuma ya sikio.

Kaburi chini ya mparachichi tunaomba mliangalie. Dawa ile hubaki mwilini, na mbwa wa jirani akifukua anaweza kudhurika. Udongo ukititia, ongezeni mwingine na mpange mawe juu.

Wapo watakaosema, "Si mbwa tu?" Waacheni. Hawakuamka usiku kumnywesha maji kwa bomba la sindano kama Mama Neema.

Jina lake tumeshaliondoa kwenye orodha ya ujumbe wa chanjo, simu isije ikawashtua. Vidonge vilivyobaki msimpe mbwa mwingine, turudishieni siku yoyote mkipita. Deni hamna.

Neema, mkanda wake wa shingoni, ule mwekundu wenye kengele, ulibaki mezani. Tumeufuta vumbi na kuuweka kwenye bahasha yenye jina lako, uko mapokezi. Tupo mpaka saa kumi na mbili jioni, Jumapili tu ndiyo tunafunga.

Ni sisi,
Daktari, wauguzi na dada wa mapokezi