Barua ya kukabidhi mgonjwa: mama wa miaka 68 anayerudi nyumbani akilishwa kwa mrija wa tumbo

Kutoka: Mtaalamu wa Lishe, wodi ya wagonjwa wa kiharusi
Kwenda: Muuguzi wa Jamii atakayemhudumia mgonjwa nyumbani

Ndugu Muuguzi,

Mama ninayekukabidhi anatoka wodini Alhamisi asubuhi. Jina lake na namba ya faili ziko kwenye kadi ya njano atakayokuja nayo binti yake. Sikuziandika hapa kwa sababu barua hii itapita mikono mingi. Naomba uisome yote kabla ya kumtembelea, na ziara ya kwanza iwe Ijumaa, isingoje wiki inayofuata. Sababu utaiona huko mbele.

Alipata kiharusi wiki 7 zilizopita. Mkono na mguu wa kulia ni dhaifu, maneno hayatoki vizuri, na kumeza kumeharibika kiasi kwamba hata mate yake humpalia akilala chali. Siku 8 za mwanzo, nyumbani na baadaye hapa, hakupata chakula cha maana. Kisha alilishwa kwa mrija wa puani kwa siku 15, na siku 26 zilizopita akawekewa mrija wa kudumu wa tumboni. Anasikia na kuelewa karibu kila unachomwambia. Mweleze unachokwenda kufanya kabla hujaushika mrija wake.

Binti yake anasema kabla ya kiharusi alikuwa na kilo 58. Alishuka hadi 50.7, yaani zaidi ya asilimia 12 ya mwili wake, na leo ana kilo 52.0. Urefu wake ni sentimita 158. Mzunguko wa mkono wa juu wa kushoto, ule wenye nguvu, ni sentimita 24.5. Usipime wa kulia, kwa kuwa misuli yake inasinyaa kwa kukosa kazi na kipimo kitakudanganya.

Tulipoanza kumlisha tulianza na kilokalori 500 tu kwa siku, kwa sababu mwili uliokaa na njaa ukijazwa ghafla hunyonya fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu, na moyo unaweza kuyumba. Hata hivyo fosfeti yake ilishuka hadi 0.58, tukairekebisha, na sasa iko 0.98 milimoli kwa lita. Naomba damu ipimwe tena fosfeti, potasiamu na magnesiamu siku 7 baada ya kufika nyumbani. Fomu nimeiambatanisha. Ikitokea akakosa chakula kwa siku kadhaa kwa sababu yoyote, msimrudishe kwenye kipimo kamili siku hiyohiyo. Nipigieni kwanza.

Mpango wa sasa ni chakula maalumu cha majimaji cha chupa, chenye kilokalori 1 kwa kila mililita. Anapata mililita 300 mara 5 kwa siku: saa 1 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 7 mchana, saa 10 jioni na saa 1 usiku. Jumla ni mililita 1,500, kilokalori 1,500 na protini gramu 60. Kabla na baada ya kila mlo yanapita mrijani maji mililita 50. Ukichanganya maji hayo na yaliyomo ndani ya chakula chenyewe, pamoja na yale ya dawa, anapata takriban lita 1.8 kwa siku. Kwa hiyo maji ya kusuuzia si ya usafi tu. Ndiyo kinywaji chake. Mkojo ukiwa wa rangi nzito au akizidi kusinzia, uliza kwanza habari za maji.

Chakula kinashuka chenyewe kwa sirinji ya mililita 60 iliyotolewa kisukumio, polepole, dakika 20 kwa mlo. Hakisukumwi. Anakaa wima, au angalau kifua kimeinuka nyuzi 30 hadi 45, wakati wa mlo na saa nzima baada yake. Chupa iliyofunguliwa inakaa kwenye friji, inatumika ndani ya saa 24, na kiasi cha mlo kinatolewa mapema kidogo kipoteze ubaridi. Kilichomiminwa kwenye chombo kikakaa nje zaidi ya saa 4 kinamwagwa.

Sasa jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike barua ndefu.

Wiki ya kwanza baada ya mrija wa tumbo, chati ya wodi ilionyesha milo 5 kila siku, yote imetiwa saini, lakini uzito ukakwama. Nilitafuta ugonjwa, nikatafuta homa, nikapitia vipimo. Jibu lilikuwa kabatini: chupa 4 ambazo kwa hesabu zilipaswa kuwa zimekwisha. Mlo wa saa 1 usiku ulikuwa unaangukia katikati ya kubadilishana zamu, kila zamu ikiamini ile nyingine imeutoa. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Lakini mama alikosa kilokalori 300 kila siku kwa wiki nzima, na mimi nilisoma chati badala ya kufungua kabati. Hilo ninalibeba mimi.

Nyumbani mlo huohuo wa usiku ndio ulio hatarini. Binti yake, ambaye ndiye mlezi mkuu, amejifunza vizuri. Mara 6 amelisha mbele yangu bila kosa. Ila jioni mama huchoka, hukohoa zaidi kwa sababu ya mate, na binti huogopa kwamba chakula kitamrudia na kumpalia usiku. Amenikiri kwamba mara mbili alitamani kuuruka mlo huo. Usimkaripie. Hofu yake ina msingi, na kumwambia tu kwamba hakuna shida hakumsaidii. Kilichomsaidia ni kuhesabu pamoja: akimaliza saa 1 na dakika 20, mama akakaa wima hadi saa 2 na nusu usiku, tumbo limepata muda wa kushusha. Akiona bado ni kazi nzito, hamisha mlo huo uwe saa 12 na nusu jioni na usogeze ile mingine nusu saa nyuma. Saa haina utakatifu. Mililita 1,500 ndizo muhimu.

Kwa hiyo kila ukienda, hesabu chupa. Nimewapa 42, za siku 14, chupa 3 kwa siku. Siku ya 7 zinapaswa kubaki 21. Zikibaki 24 au 25, mlo unarukwa, hata kama daftari linasema vingine. Zikibaki chache kupita hesabu, uliza kama kuna zinazomwagika. Ukisikia kwamba chakula kinaongezwa maji ili chupa zidumu, hilo ni tatizo la ugavi na si la mlezi: nijulishe siku hiyo nitafute chupa. Waambie wazi pia kwamba mlo uliokosekana haufidiwi kwa kumpa 600 kwa mkupuo.

Mpime uzito kila wiki mbili kwa mizani ya kiti, na kama haipatikani tumia mzunguko wa mkono. Natarajia afike kilo 54 ndani ya miezi miwili. Akishuka chini ya 51, au mkono ukipungua sentimita 1, usingoje ziara inayofuata.

Kuhusu mrija wenyewe: kwenye ngozi unasomeka alama ya sentimita 3.5, na kishikizi cha nje kimeachiwa nafasi ndogo ya milimita 5 hivi. Tundu linaoshwa kila siku kwa maji na sabuni laini, linakaushwa, halifungwi bandeji kama ni kavu. Sasa njia imeanza kukomaa, hivyo mara moja kwa wiki achia kishikizi, ingiza mrija ndani sentimita 2 hadi 3, uzungushe mduara mzima, kisha urudishe kwenye alama ileile. Bila hivyo kile kitako cha ndani huweza kuzama kwenye ukuta wa tumbo. Mzunguko wa kwanza ufanye wewe mbele ya binti. Mrija ukikataa kuzunguka au kuingia, usilazimishe. Mrudishe kwetu.

Mrija ukichomoka wote, funika tundu kwa kitambaa safi na aje hospitali mara moja, hata usiku, kwani tundu huanza kuziba ndani ya saa chache. Asiurudishe mtu yeyote kwa kubahatisha. Bado njia ni changa, na mrija unaweza kuingia pasipo tumbo. Kadhalika akipata maumivu makali wakati wa kulishwa, homa, damu, au tumbo likawa gumu: mlo unasimama palepale na anakuja.

Ukiziba, maji ya uvuguvugu kwa sirinji kubwa, vuta na sukuma kwa upole, acha dakika 30, rudia. Sirinji ndogo ina shinikizo kubwa linaloweza kupasua mrija. Waya hapana. Soda na juisi chachu pia hapana, maana hugandisha protini na kukaza kizibo.

Dawa zake tatu zinasagwa au kuyeyushwa kila moja peke yake, na maji mililita 10 kati ya moja na nyingine. Hazichanganywi na chakula. Aspirini yake ni ile ya kuyeyuka. Mtu akimpa iliyofunikwa tabaka isagwe, itaziba mrija. Dawa mpya yoyote, uliza kwanza kama inasagika, hasa zile za kufanya kazi taratibu kutwa nzima.

Choo chake ni cha kawaida, siku moja baada ya nyingine. Akiharisha, msiache kumlisha. Angalia kama ameanza antibiotiki, kama mlo unakimbizwa, na usafi wa sirinji na mikono.

Kwa mdomo hapewi kitu bado. Mtaalamu wa kumeza atampima tena baada ya wiki 4. Kijana wake mkubwa anaumia kumwona mama yake hali kwa mdomo, na ameniuliza mara tatu kama anaweza kumwonjesha kidogo tu. Nimemwambia hapana na nikamweleza sababu: mama huyu hupaliwa bila kukohoa, na huo ndio mwanzo wa nimonia. Nikampa kazi badala yake, kumsafisha mama kinywa kwa mswaki laini asubuhi, mchana na usiku, kwa sababu kinywa kichafu hupeleka vijidudu mapafuni hata kwa asiyekula. Anaifanya kwa upendo mkubwa. Mpe moyo aendelee.

Nitampigia binti Jumamosi saa 3 asubuhi, na wewe Jumatatu mchana kusikia ulichokuta. Namba ya ofisi yetu iko nyuma ya kadi ya njano, na zamu ya usiku ya wodi wana nakala ya barua hii. Chupa za awamu ya pili nimeziombea tayari. Zitafika siku ya 11, kabla hizi hazijakwisha. Zisipofika siku ya 12, tafadhali niambie.

Wako katika kazi,
Mtaalamu wa Lishe, wodi ya wagonjwa wa kiharusi

Nakala: daktari wa wodi, mtaalamu wa kumeza, binti wa mgonjwa