Gurudumu Halijalazwa

Benki ya baba ilikuwa kijisanduku cha majivu ya sigara ndani ya teksi. Baba mwenyewe havuti. Humo alitia noti zilizokunjwa mara nne, na jioni, kabla ya kuingia ndani, alizikunjua juu ya usukani: hizi za mafuta, hizi hesabu ya tajiri mwenye gari, hizi za nyumbani. Zilizobaki zilirudi kijisandukuni, na kesho yake zilitoka tena. Abiria kakosa chenji, taa ya nyuma imeungua, mwenzake wa kijiweni kaomba ya kujazia hesabu. Sikumbuki noti iliyowahi kulala humo wiki nzima.

Mama akimgusia habari ya akaunti, alicheka. "Benki ya wenye mishahara ile. Mimi niwapelekee nini, chenji?"

Usiku mmoja ndugu yangu Idi alianza kulalamika kitovu kinamuuma. Tukadhani ni chakula. Kufika saa sita maumivu yalikuwa yamehamia chini, upande wa kulia, naye anatembea amejikunja kama mzee. Akikohoa, analia. Mama akampigia baba simu. Baba akaja na abiria wake nyuma, maana alikuwa amemwambia, "Shuka hapa, au twende wote," na yule bwana akachagua kuja. Ndiye aliyempakata Idi njia nzima. Jina lake hatukuliuliza hadi leo.

Daktari akasema ni kidole tumbo, na huenda kimeshapasuka. Upasuaji usiku huohuo. Kwenye dirisha la malipo baba alimwaga noti zake zote, na karani akazikunjua kwa subira, moja baada ya nyingine, akizilaza kwa kiganja. Alipomaliza akasema polepole, "Bado, mzee."

Zilizobaki zilitoka kwa tajiri, aliyeamshwa usingizini, kwa makubaliano kwamba zitarudi juu ya hesabu ya kila siku. Nyingine tulikopa kwenye simu, mkopo wa haraka na riba yake. Kilikuwa kimepasuka kweli, kwa hiyo Idi alilazwa siku 9 badala ya mbili tatu, sindano asubuhi na jioni. Siku ya kuruhusiwa cherehani ya mama haikuwepo tena nyumbani. Ilibaki meza yake, na alama nne za miguu sakafuni.

Miezi 7 baba aliendesha mchana na usiku. Nilikuwa nikimpelekea chakula garini, namkuta amelala kiti kimelazwa nyuma, kiatu kimoja mguuni.

Deni lilipokwisha, mama hakuuliza maoni ya mtu. "Vaa shati la mikono mirefu. Tunakwenda benki."

Nilikwenda nao kuwajazia fomu. Kazi: dereva. Mwajiri: hapo kalamu ilisimama, nikaandika "amejiajiri", na baba akainyoosha shingo kidogo. Saini ilimshinda mara tatu, kila moja haifanani na ya kitambulisho. Kisha akauliza makato ya kila mwezi, akauliza riba, akapiga hesabu kichwani kama anavyofanya akipangiwa safari ndefu.

"Riba ya mwaka mzima haijazi hata tenki."

"Hatukuifuata riba," mama akajibu, akamgeukia dada wa benki. "Ipo ya kutoa hela mpaka tuje wote wawili?"

"Ipo, mama. Akaunti ya pamoja, saini mbili. Na kadi mtapenda?"

"Kadi hatutaki."

Baba alimtazama jinsi anavyomtazama abiria anayebadilisha safari katikati ya njia. Lakini alitia saini.

Tangu hapo noti zinagawanywa mafungu manne badala ya matatu. La nne anakabidhiwa mama palepale dirishani, kabla baba hajafungua mlango wa gari, na kila Jumatatu mama analipeleka. Kuna wiki fungu hilo ni noti moja tu, tena iliyochakaa. Anaipeleka hivyohivyo, na foleni anapanga.

Wiki ya 11 gurudumu la mbele lilipasuka barabarani, la akiba nalo kipara. Baba akapiga simu.

"Mama Idi, jitayarishe nikupitie, tukatie saini."

"Kuna mgonjwa?"

"Gurudumu limepasuka!"

"Limelazwa?"

Kimya. Nilikuwa karibu, nikasikia honi za magari upande wa pili, na sauti ya abiria akiuliza watakaa hapo mpaka saa ngapi.

"Halijalazwa," baba akasema.

"Basi funga hilo la akiba, uende polepole."

Akakata simu bila kuaga. Usiku alirudi ana grisi mpaka kwenye viwiko, akahesabu mafungu yake juu ya usukani, akateremsha kioo, akamnyooshea mama la nne bila kumtazama.

"Kesho nitamkopa tajiri tairi," akasema. "La nne lisiguswe."