Ilani kwa Wageni: Maji ya Kunywa, Barafu na Kupiga Mswaki

Karibu Nakuru. Kabla hujafungua mfereji wa bafuni kwa kiu ya safari, tafadhali soma ukurasa huu. Tumeuweka juu ya meza, pamoja na ufunguo, kwa sababu wageni wengi huuliza habari ya maji asubuhi, wakati tayari wameshayanywa usiku.

Kwa ufupi: maji ya kunywa katika nyumba hii hutoka mahali pawili tu. Kuna chupa ya glasi iliyo kando ya kitanda chako, na kuna mfereji mdogo wenye utepe wa buluu karibu na dispensa, kwenye chumba cha kulia. Mfereji mwingine wowote, uwe wa bafuni, wa bustanini au wa pale nyuma kwa dobi, ni wa kuoga, kufua na kuosha mikono.

MAJI YA MFEREJI

Hatusemi kwamba maji ya mji ni machafu. Hutibiwa huko yanakotoka, iwe ni bwawa la Turasha au visima virefu kama vile vya Kabatini na Baharini. Shida huanza njiani. Hapa Milimani tuna mgao, na maji yakikatwa bomba hubaki tupu. Penye ufa, maji ya udongoni huingia ndani, na siku maji yakirudi husukuma uchafu huo hadi kwako. Ndiyo maana yakirudi huanza na rangi ya chai ya rangi kwa dakika chache. Kisha hupanda kwenye tangi letu la juu na kukaa humo, na klorini yake hupungua kadiri yanavyokaa. Tangi tunalisafisha kila baada ya miezi 3, lakini tangi la juu ya nyumba ni tangi la juu ya nyumba.

Mgao ukizidi, tunavuta maji ya kisima kirefu kilicho uani. Maji hayo ni meupe, baridi, matamu mdomoni, na hapo ndipo wageni hukosea. Ukanda huu wa Bonde la Ufa una miamba ya volkano, na maji ya chini ya ardhi hubeba floraidi nyingi kutoka kwenye miamba hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kisima chetu kilipopimwa kilikuwa juu ya hapo, kwa hivyo hatumpi mtu yeyote maji yake kunywa.

Ukitaka kuona kazi ya floraidi, njoo mapokezi uniambie kitu cha kuchekesha. Nimezaliwa Njoro na kulelewa kwa maji ya kisima, na meno yangu ya mbele yana mistari ya kahawia ambayo hakuna mswaki utakaoitoa. Watu wa huku tunatambuana kwa meno hata tukikutana Mombasa. Basi usiogope: madoa haya huwapata watoto ambao meno yao bado yanaumbika ndani ya ufizi, tena kwa kunywa maji hayo miezi na miaka. Mtu mzima aliyekuja kwa siku tatu kuona vifaru hatarudi kwao na meno ya Njoro.

Kuna jambo moja ambalo hata wenyeji hulikosea: kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu, basi. Maji yakiendelea kuchemka hupungua kwa mvuke, na floraidi hubaki kwenye sufuria ikiwa nzito zaidi. Chujio la kawaida la udongo nalo haliigusi. Inayoitoa ni makaa ya mifupa, au mashine yenye ule utando laini unaozuia hata chumvi. Mashine ya namna hiyo ndiyo iliyo nyuma ya mfereji wa utepe wa buluu. Inatumia stima, kwa hivyo stima ikipotea tunatumia akiba iliyo kwenye mitungi ya jikoni. Ukikuta mfereji huo haudondoki, tuambie, usiende bafuni kujaza chupa.

Birika lililo chumbani lijaze kutoka kwenye chupa ya glasi, si sinki. Ikiwa umelazimika kuchemsha maji ya mji, yaache yachemke kwa nguvu, yakitokota kabisa. Nakuru iko juu, kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na maji huku huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Dakika moja ya kutokota inatosha kwa vijidudu. Mpishi wetu huenda dakika 3, na sijawahi kumshinda kwa hoja. Birika la stima hujizima lenyewe mara tu linapochemka, kwa hivyo acha maji yapoe humo humo yakiwa yamefunikwa. Na maji moto ya bafuni si maji yaliyochemshwa. Yamepata joto la kuogea tu.

MAJI YA CHUPA

Chupa ya glasi ya kitandani ni bure, na hujazwa kila asubuhi. Ukipenda ya kununua, yako mapokezi, shilingi 60 kwa lita.

Ukinunua mjini, shika kifuniko kwanza. Kikizungushwa lazima kisikike kikikatika kutoka kwenye ule mkanda wa chini. Kikilegea kimya kimya, mrudishie mwenye duka. Niliwahi kuuziwa chupa kwenye dirisha la matatu pale stendi. Kifuniko kilifunguka bila sauti, na ndani maji yalinuka sabuni ya vyombo. Chupa ilikuwa imeokotwa, ikaoshwa, ikajazwa upya. Angalia pia alama ya KEBS na nambari ya kibali iliyo chini yake. Unaweza kuihakiki kwa simu kwa kuandika `SM#` ikifuatwa na nambari hiyo, kisha kutuma kwa `20023`.

Anayekwenda kwenye mbuga ya Ziwa Nakuru azingatie hili: tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za wanyama nchini. Njoo na chupa yako ya chuma au flaski tukujazie kabla hujaondoka. Kama huna, tuna sita za kuazima, zenye namba mgongoni. Zilikuwa nane.

BARAFU

Barafu haiui vijidudu. Huvilaza tu, na glasi yako ikipata joto vinaamka. Pombe kali ndani ya glasi nayo haivimalizi, hata kama rafiki yako wa jana usiku alikuapia.

Barafu ya hapa tunaigandisha wenyewe kwa maji ya mfereji wa buluu, kwenye trei nyeupe zilizofungwa utepe wa rangi hiyo hiyo. Utepe una historia yake: mwaka fulani kijana mgeni jikoni alijaza trei kwa mfereji wa kuoshea vyombo, na meza nzima ya arusi ikashinda siku ya pili chumbani. Tangu hapo trei isiyo na utepe haiingii kwenye friji. Ukiona moja, nipe mimi.

Nje ya hapa, uliza. Uliza bila aibu: "Barafu hii ni ya maji gani?" Mwenye maji safi hujibu papo hapo. Ogopa zaidi barafu ya mabonge, ile inayovunjwa kwa nyundo. Mabonge hayo hutengenezwa kwa ajili ya samaki, na huja yamefunikwa gunia pamoja na tilapia na sangara kutoka ziwani. Kipande chake kikianguka ndani ya juisi ya miwa kando ya barabara, umekunywa na gunia. Soda baridi iliyofungwa kiwandani, kwa chupa yake, ni salama zaidi kuliko soda ya uvuguvugu iliyotiwa barafu usiyoijua.

Kachumbari na matunda tunayokuandalia huoshwa kwa maji yaliyochujwa.

KUPIGA MSWAKI

Bafuni kuna kikombe cha bati chenye mfuniko. Kimejazwa maji ya mfereji wa buluu, na ndicho cha kuloweshea mswaki, kusukutulia na kusuuzia mswaki ukimaliza. Watu hukumbuka kusukutua kwa maji safi, kisha wanauosha mswaki kwenye sinki na kuuweka ukiwa umelowa hadi asubuhi. Kazi yote inakuwa bure.

Ukisahau ukatumia mfereji mara moja, tema, usukutue tena kwa maji ya kikombe, uendelee na siku yako. Tone la maji mdomoni halikupeleki hospitali. Kwenye kuoga, funga mdomo. Watoto ndio wa kuangaliwa, maana mtoto huona bafu la mvua kama kinywaji. Mwenye mtoto wa maziwa ya kopo, tafadhali tueleze siku ya kufika: tutakuletea flaski ya maji yaliyochujwa na kuchemshwa, asubuhi na jioni, na usitumie ya kisima hata yakichemshwa, hasa ikiwa mtakaa wiki kadhaa. Anayeosha lensi za macho atumie dawa yake ya lensi, asitumie maji yoyote, hata haya yetu.

UKIANZA KUHARISHA

Tuambie mapema, hata kama ni saa nane ya usiku. Mapokezi kuna pakiti za ORS, bure. Koroga pakiti kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, maji ya kunywa, na unywe kidogo kidogo. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, si vya kulundika. Usikimbilie kuzuia tumbo kwa vidonge ulivyobeba ikiwa una homa au unaona damu.

Kuendesha maji meupe kama ya mchele, kutapika bila kukoma, mtoto anayelia bila machozi, mtu anayeshindwa kusimama: hayo si ya kusubiri kiamshakinywa. Gari letu litakupeleka hospitali kuu ya kaunti, ile ambayo wenyeji bado tunaiita PGH, na hatutozi nauli.

Kutoka simu ya chumbani bonyeza 9, mchana au usiku. Chupa ikiisha kabla ya asubuhi, iweke nje ya mlango na mlinzi atakuletea nyingine.

Mwenye nyumba