Wasifu wangu wa kijitabu: naurudisha pamoja na marekebisho machache

Neema mwanangu,

Marahaba, na poleni na pilikapilika za maandalizi. Wasifu ulioniandikia nimeupata na kuusoma, kisha nikamsomea na mama hapa nyumbani, akacheka akasema huyu anayesifiwa humu angependa kumfahamu. Asante kwa kazi hiyo. Najua umeiokoteza kutoka kwa watu tofauti, kila mmoja akaongeza chumvi yake.

Naurudisha sasa. Mjukuu ameweka marekebisho kwa rangi nyekundu, na maneno ya awali ameyakata mstari bila kuyafuta, ili ulinganishe mwenyewe. Umesema kijitabu kinakwenda kwa mchapaji Jumatano, kwa hiyo nitaeleza yale ya lazima kwanza.

La kwanza na kubwa kuliko yote ni pale ulipoandika "nahodha mstaafu". Naomba pasomeke "fundi mitambo mstaafu". Sikuwahi kushika usukani wa meli ya Liemba. Kazi yangu ilikuwa chini, kwenye injini, na kwa kawaida nilijua tumefika Kalya kwa kusikia amri ya kupunguza mwendo, wala si kwa kuona taa za kijiji. Wapo manahodha wa kweli ambao bado wako hai, wengine wako Mwanga hapo hapo, na naamini wawili watatu watakuja ukumbini. Sipendi wanikute nimevaa kofia yao. Halafu kuna hawa vijana wa VETA mliowaalika. Wengi wao wanasoma ufundi wa magari na umeme. Wakiona aliyepewa kipaza sauti ni nahodha, watarudi darasani wakijua fundi haitwi kwenye jukwaa. Mimi nimekubali kuja kwa ajili yao hasa, kwa hiyo hili nakuomba sana lisiachwe.

La pili ni historia ya meli yenyewe. Sentensi inasema Liemba "ilijengwa Kigoma mwaka 1927". Nadhani aliyekupa habari alichanganya mambo mawili. Meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka huku. Kigoma ndipo ilipoungwa upya, na ikashushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha upande wa mdomo wa Malagarasi ili adui asiipate. Waingereza wakaiopoa 1924, na huo mwaka 1927 ndio iliporudi kazini ikiwa na jina la Liemba.

Hapo kuna jambo ambalo ningefurahi sana likipata nafasi, hata kwa mstari mmoja. Mafundi wa Kijerumani walioambiwa waizamishe walizipaka injini grisi nzito kwanza, kila mahali, ndipo wakaiachia maji. Ilipoopolewa baada ya miaka minane, mitambo ilikuwa bado inafaa. Fundi yeyote akisikia habari hiyo ananyamaza kidogo. Mtu ameamriwa aue chombo, na bado mikono yake inakitunza. Mazungumzo yangu nitayaanzia hapo, kwa hiyo ukiona kijitabu hakina nafasi, usihangaike, nitayasema mwenyewe.

Linalofanana na hilo: umeandika kwamba "aliendesha injini za mvuke". Mvuke ulitolewa miaka ya sabini na kuwekwa dizeli, na mimi niliajiriwa 1981. Mvuke nimeusikia kwa wazee waliokuwa wakilisha makaa na kuni, nikakalishwa nao chini nikafundishwa, lakini sikuuendesha. Nimeandika "injini za dizeli". Kwa wengine ni tofauti ndogo, ila fundi mwenzangu akilisoma hilo ataacha kunisikiliza kabla sijafungua mdomo.

Pia naomba mtoe kabisa ile sentensi ya kwamba "aliokoa mamia ya abiria". Sijui imetoka wapi. Vituo vingi vya kusini havikuwa na gati, meli ilisimama mbali na mitumbwi ikaja kuizunguka, mara nyingi usiku. Magunia ya dagaa yanapanda, watu wanashuka, mama anampitisha mtoto juu ya maji kwa mikono ya watu asiowajua, na mwenye mtumbwi huku anadai nauli yake kwa sauti. Katika hali hiyo kila baharia amewahi kumdaka mtu mkono. Ndiyo kazi. Ukiniandikia mimi peke yangu utakuwa umewanyang'anya wenzangu.

Yaliyobaki ni madogo. Nilizaliwa Kirando, nikaletwa Ujiji nikiwa mdogo. Naomba Kirando itajwe, kwa sababu ndugu zangu wa kule hawatanielewa wakisoma kwamba mimi ni "mzaliwa wa Ujiji". Badala ya "Mheshimiwa" weka "Mzee" tu. Uheshimiwa tuwaachie wabunge. Namba yangu ya simu isichapishwe, anayenitaka akupitie wewe. Na ile picha ya meli mliyoiweka pembeni ya jina langu ni ya Mwongozo. Ni meli nzuri nayo, nina rafiki zangu wengi waliofanya kazi humo, lakini hapa Kigoma hata mtoto wa darasa la tatu ataijua. Nimeambatisha picha ya Liemba aliyoipiga mwanangu ikiwa bandarini; haina mng'ao sana lakini ndiyo yenyewe.

Aya yako ya mwisho, inayosema kwamba hadi leo majirani wananiletea mashine za mitumbwi nizitazame, sikuigusa. Imeandikwa vizuri na ni ya kweli, maana hata sasa ninapoandika ipo moja barazani inasubiri plagi.

Kama nafasi ni finyu na lazima mpunguze, punguzeni popote isipokuwa hapo kwenye "fundi mitambo" na kwenye miaka ya meli. Mengine nakuachia wewe, kijitabu ni chako. Ukishaweka sawa, nitumie ukurasa mmoja tu niuone kabla haujachapwa. Nitakujibu siku hiyo hiyo. Maandishi kamili nimeyaweka hapa chini pia, endapo kiambatisho kitagoma kufunguka kwenye simu:

"Mzee Ramadhani ni fundi mitambo mstaafu wa meli ya Liemba. Alizaliwa Kirando, mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kukulia Ujiji. Aliajiriwa mwaka 1981 akiwa msaidizi katika chumba cha injini, akafundishwa kazi na mafundi waliomtangulia, na akahudumia injini za dizeli za meli hiyo hadi alipostaafu. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini 1915. Ilizamishwa 1916, ikaopolewa 1924 na kurudi kazini 1927. Leo Mzee Ramadhani anaishi Ujiji, na majirani bado wanamletea mashine za mitumbwi azitazame. Atazungumza kuhusu utunzaji wa mitambo ya zamani."

Anayenitambulisha jukwaani asome sentensi ya kwanza na ya mwisho, zinatosha. Watu watakuwa wamekaa kwenye joto.

Wasalimie wenzako wa kamati, na mwambie yule kijana wa vipaza sauti kwamba mimi husimama, kwa hiyo asiniwekee kiti na meza.

Mzee Ramadhani
Ujiji, Kigoma